Maikrofaradi Elfu Nne na Mia Saba

Rovu la mama, ule uvimbe wa shingoni, lilipofikia ukubwa wa ngumi, daktari wa Blantyre alisema ni lazima litolewe. Kisha akaongeza jambo jingine kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa dirishani: ule mshipa unaoendesha sauti umezungukwa na uvimbe, hauwezi kuachwa. Mama atapona. Atakula, atalima, atacheka. Kuimba ndiyo basi, na hata kusema itakuwa ni kunong'ona.

Mama yangu ni Filesi Naluso. Katika vilima vyetu vya chai, kuanzia mtoni hadi kwenye kiwanda, hakuna aliyezikwa pasipo sauti yake. Anazijua nyimbo za kutwangia ambazo bibi yake alizirithi kwa bibi yake, na wote waliozijua pamoja naye wamekwisha kulala udongoni. Sauti yake ni nzito, ya kiume karibu, inatoka chini kabisa. Ukiwa mbali unaisikia miguuni kabla haijafika masikioni.

Alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akafunga kitambaa chake vizuri, akasema sawa, lakini kwanza anarudi nyumbani. Dada yangu Dorika alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Jina, shamba na nyimbo vyote hupitia kwa mwanamke, na bibi ndiye humwimbia mtoto siku anapotolewa nje mara ya kwanza. Mimba ilikuwa bado changa, upasuaji hauwezi kungoja.

"Basi nitamwimbia kabla hajaja," mama alisema. "Nitafutieni mashine ya kunasa sauti."

Mashine ilipatikana parokiani: rekoda ya kaseti, na kisanduku kidogo cha kuchanganyia sauti chenye maikrofoni mbili. Vyote vilikula umeme wa volti kumi na mbili, na kile kifaa chake cha kuchomeka ukutani kilikuwa kimeungua zamani. Tuliahidiwa betri ya gari. Ikaletwa imekufa, haiwashi hata taa ya baiskeli. Kazi ya kutengeneza kifaa kipya ikamwangukia shemeji yangu.

Fyson Chapola ni mtu wa Ntcheu. Alimpenda Dorika, akamfuata, akajenga kijijini kwetu, kama ilivyo desturi. Mwanamume aliyekuja hivyo tunamwita mkamwini. Mkamwini huezeka, hulima, huchimba kaburi watu wanapofiwa, na kwenye mashauri hukaa karibu na mlango. Anayemwamuru si mke wala mama mkwe, ni mjomba wa mke. Na kwa mama mkwe ndiyo kabisa: haruhusiwi kumsogelea wala kusema naye uso kwa uso. Mama na Fyson walikuwa wakikaa ua mmoja, hatua chache kati yao, na maneno yao yakipita kwa Dorika kama barua.

Lakini msidhani Fyson alikuwa mnyenyekevu. Alikuwa na meza ya kutengeneza redio pale sokoni, na kwenye meza ile alikuwa chifu. Mteja akileta redio iliyofunguliwa na fundi mwingine, Fyson alimwuliza kama nyumbani kwao nguo pia hushonwa na mchinjaji. Nilimpenda kwa hilo. Mimi mwenyewe sina subira na watu wanaopapasa gizani halafu wanajiita mafundi.

Nilikwenda naye Limbe kununua vifaa. Alichagua transfoma ya volti kumi na mbili, diodi nne za kufanyia daraja, na chipu ya kutuliza volti, ile yenye miguu mitatu. Kisha akaomba kapasita ya maikrofaradi elfu nne na mia saba. Muuzaji, mzee mmoja mchangamfu aitwaye Saizi Mtokoma, alimwekea mezani kapasita hiyo, kopo dogo la kutunzia umeme, na kando yake akaweka jingine, nene mara mbili.

"Chukua hili la elfu kumi, mwanangu," alisema. "Bei ni karibu sawa. Kubwa halijamdhuru mtu."

Fyson alilisukuma kwa kidole. Alimwambia mzee kwamba anayejua kupima hahitaji kujazia. Kopo likizidi ukubwa, diodi hulazimika kumeza umeme kwa mafunda mafupi makali badala ya kunywa taratibu, transfoma inapata joto bure, na siku ya kuwasha diodi dhaifu hupasuka. Yote hayo ni kweli. Lakini si kweli kwa kopo lile. Tofauti ile diodi zetu zingeibeba bila hata kuijua. Mzee Saizi alitabasamu tu. Alisema fundi wa kupima ni mzuri, naye mara nyingi, mambo yakiharibika, huombewa dua na wale wa kujazia. Fyson akalipa, tukaondoka na kopo dogo.

Jioni mama alitaka kujua kinachotengenezwa. Alikaa barazani, Fyson akakaa nyuma ya ghala na chuma chake cha kulehemu, akikipasha kwa makaa, na Dorika katikati akichambua majani ya maboga.

"Mwambie mama," Fyson alisema, "umeme wa ukutani unakwenda mbele na kurudi nyuma, mara hamsini kwa sekunde. Zile diodi nne zinaugeuza ule wa kurudi nao uende mbele. Kwa hiyo tunapata misukumo mia kwa sekunde."

"Mama, anasema misukumo mia."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwulize, kati ya msukumo na msukumo kuna nini?"

Fyson alicheka kwa furaha. Alisema hilo ndilo swali lenyewe. Kati ya msukumo na msukumo hakuna kitu, umeme unashuka hadi sifuri, na hapo ndipo kapasita inapofanya kazi. Ni kama mtungi unaojazwa na mtu anayekwenda na kurudi kisimani. Akiwa njiani, nyumbani watu wanaendelea kunywa na maji yanashuka. Yanashuka kiasi gani? Inategemea mambo matatu: wanywaji wana kiu kiasi gani, mchotaji anakawia kiasi gani, na mtungi una upana gani. Mtungi mwembamba, maji yanashuka sana. Mtungi mpana, yanashuka kidogo.

"Na yakishuka sana?"

"Mwambie yakishuka sana, rekoda inavuma. Mvumo unaingia kwenye kaseti pamoja na sauti, na ukishaingia hautoki."

Mama akasema kwa Dorika, lakini kwa sauti ya kufika nyuma ya ghala: "Basi mwambie mtungi uwe mpana."

Fyson alinionyesha hesabu yake kwa kuichora mchangani, akijivuna kama mtu anayeonyesha ng'ombe. Volti kumi na mbili za transfoma kileleni hufika kumi na saba. Diodi mbili zinajitoza karibu volti moja na nusu, zinabaki kumi na tano na nusu. Ile chipu, ili itoe kumi na mbili zilizotulia, isipewe chini ya kumi na nne na nusu. Kwa hiyo ruhusa ya kushuka ni volti moja tu. Rekoda na kisanduku vinakula nusu ampea. Alikuwa amevipima kwa mita. Gawa nusu ampea kwa misukumo mia, gawa tena kwa volti moja: maikrofaradi elfu tano. Elfu nne na mia saba ndilo kopo la madukani lililo karibu zaidi na hapo, na hesabu yenyewe ina huruma kidogo, kwa sababu mchotaji hurudi kabla mtungi haujashuka mpaka pale hesabu inaposema. Alikuwa amefikiria hata kiwanda cha chai: mashine zake kubwa zikiwaka, umeme wa eneo zima hulegea. Ndiyo maana tulichagua Jumapili, kiwanda kikiwa kimelala.

"Na ikitokea kitu?" nilimwuliza.

"Kitu gani? Mzigo ninaujua. Mtu hajengi daraja la tembo ili apite mbuzi."

Kifaa kilipokamilika alikijaribu na rekoda kwa kutwa nzima mezani kwake sokoni, penye umeme. Tulivaa spika za masikioni kwa zamu. Kimya kilikuwa kimya kweli. Kuku aliyepita kando ya meza tulimsikia akikanyaga.

Mjomba wangu ni Jailosi Nkuta, ndugu wa mama, kapitao, yaani msimamizi wa wafanyakazi, katika shamba la chai. Ndiye mwenye neno la mwisho juu ya dada zake na watoto wao. Nyumbani kwetu hapakuwa na umeme, kwa hiyo yeye ndiye aliyetuombea ukumbi wa wafanyakazi, na alihakikisha hatusahau. Habari ilienea. Jumapili baada ya misa, wanawake walikuja kutoka pande zote za mto, wengine wakongwe, wengine wakisindikizwa na wajukuu. Walikuwa wamekuja kuisikia sauti ile mara ya mwisho. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, na waliobaki nje walikuwa wengi kuliko walioingia.

Nitasema haki ya mjomba: alipowatazama wale vikongwe wamekaa juani aliwahurumia. Huruma yake ndiyo iliyotumaliza. Alitoka, akarudi na spika ya pembe na kikuza sauti chake, vile vitu vya kuitia wafanyakazi asubuhi, navyo vilikula umeme uleule wa volti kumi na mbili.

"Chomeka hii hapo kwenye chombo chako," alimwambia Fyson. "Hawa mama zangu wasikie."

Fyson aliitazama pembe kama mtu anayetazama nyoka mezani. Alieleza kwa adabu, mikono nyuma. Alisema chombo kimepimwa kwa rekoda peke yake. Pembe ikinyamaza haili kitu, lakini ikipiga kelele inakula ampea nzima na zaidi, na hapo wanywaji wanakuwa mara tatu. Ile volti moja ya kushuka inakuwa tatu. Chipu itakosa cha kutuliza, na mvumo utaingia kwenye kaseti. Aliomba apewe muda mfupi akimbie mezani kwake sokoni. Kule alikuwa na kikuza sauti kibovu chenye makopo mawili makubwa; angeyang'oa na kuyaongeza ubavuni mwa lile letu.

Nilisema nitakimbia mimi. Nilikwisha kuvua viatu.

"Hakuna anayekimbia," mjomba alisema. "Dada yangu amekaa, pumzi yake ni ya kuhesabu. Hawa watu wametembea tangu alfajiri. Waya mmoja tu, mkamwini. Waya mmoja unakushinda?"

"Haunishindi, mjomba. Utamshinda mama."

Watu walioketi karibu waligeuka. Mkamwini alikuwa amemtaja mama mkwe wake hadharani, tena katika kumjibu mwenye ukoo. Nikaona afadhali nivunje adabu mimi, mtoto wa nyumbani.

"Mjomba, tumekuja kunasa sauti ya mama au kufanya mkutano wa kampeni?"

"Wewe utakapooa," alinijibu bila kunitazama, "utakaa karibu na mlango wa watu, ndipo utajua nani anasema wapi." Akamgeukia Fyson. "Jaribu kwanza. Usilie kabla ya kupigwa."

Fyson alichomeka. Aliunganisha pembe moja kwa moja kwenye kapasita, kabla ya chipu, angalau isiielemee chipu yenyewe. Akavaa spika za masikioni, Dorika akasogelea maikrofoni, akasema polepole, kwa ile aibu yake ya mimba, moja, mbili, tatu. Pembe ikatoa kisauti kidogo kule nje, mkondo wake ukiwa mdogo vilevile. Sauti ya Dorika ikaingia safi.

"Inavuma?" mjomba aliuliza.

"Haivumi. Lakini hiyo ni kwa sababu..."

"Haivumi," mjomba aliwatangazia watu, na wakapiga makofi.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele, kinu kati ya magoti yake, mchi mkononi. Tangu asubuhi hakusema neno. Alikuwa akiitunza sauti. Angeweza kuamua, yeye ndiye mkubwa wa mjomba kwa kuzaliwa. Lakini kwa makelele ya ukumbi maneno ya meza yetu ya rekoda hayakumfika, na Fyson mwenyewe, kwa desturi, hakuwa na njia ya kumwambia.

Akaanza.

*Twanga, mwanangu, mchi hauna mume,*
*kinu hakina mwenyewe, unga una watu wengi.*

Sijui nieleze vipi. Mimi huandika mashairi, nimejifunza peke yangu, na kuna siku hudhani maneno yananitii. Siku ile yalinikimbia. Sauti ilipanda kutoka sakafuni, mchi ukaipokea, wanawake ndani wakaitikia, na kule nje, kwa kupitia pembe, vikongwe wakaitikia pia, nyuma kidogo, kama kilima kinachojibu. Nililia bila kujificha. Nilidhani kila mtu analia.

Kisha nikamwona Fyson. Halii. Amebana spika masikioni kwa viganja vyote viwili, na uso wake umekuwa wa majivu. Nikamsogelea, akanipa upande mmoja nisikilize.

Mama alipovuta pumzi palikuwa kimya safi. Alipofungua koo, papo hapo, chini ya sauti yake na ndani ya sauti yake, kitu kilikoroma: *drrrrr*, kikavu, chenye makali, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo la bati. Alipopunguza sauti, nyuki alipungua. Alipopaza, nyuki naye akapaza. Pembe ilikuwa ikinywa kwa kadiri mama alivyoimba, na kila alipoimba vizuri zaidi ndivyo alivyojiharibia zaidi.

Fyson hakungoja ruhusa. Aling'oa waya wa pembe.

Nje pakazimika. Papo hapo kelele zikazuka, mtu akagonga bati la ukuta, watoto wakapanda madirishani. Mama, aliposikia ghasia, aliacha kuimba na kuweka mchi chini. Mjomba alikuja toka mlangoni akiwakanyaga watu.

Alisimama mbele ya meza yetu, karibu na maikrofoni, akasema maneno ambayo nayajua kwa moyo, kwa sababu nimeyasikia mara nyingi kuliko wimbo wowote.

"Wewe mtu wa Ntcheu. Nimekupa ukumbi, nimekupa umeme, nimekupa na mtoto wa dada yangu. Hapa hukuja kuzima sauti za watu, ulikuja kulima. Rudisha waya."

Dorika aliinamisha kichwa. Fyson alimtazama mke wake, na nadhani ndani ya kutazama kule alihesabu kitu kingine, kisichopimwa kwa mita: akibisha, jioni ile vikao vitaitwa, na kabla ya mtoto kuzaliwa yeye atakuwa njiani kurudi Ntcheu na mkeka wake kichwani. Mkono wake ukaenda mezani. Akarudisha waya.

Mama aliimba nyimbo nyingine tatu. Ya mwisho ndiyo ile ya kumtoa mtoto nje, na aliiimba kwa nguvu zote zilizobaki, mpaka koo lilipokataa na akaanza kukohoa. Wanawake walimzunguka. Vikongwe wa nje walipiga vigelegele. Walikuwa wamesikia kila neno, na hadi leo wanasema hawajapata kusikia siku kama ile. Nao wanasema kweli.

Hakukuwa na kurudia. Siku iliyofuata mama hakuweza kumeza hata uji, na hospitali ilisema asikawizwe. Upasuaji ulikwenda vizuri. Aliamka akiwa na bandeji shingoni, akamtazama Dorika, akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa upepo.

Mimi na Fyson tuliipeleka kaseti kwa fundi wa studio mjini. Alikuwa mtu mwema, alitupa asubuhi yake nzima. Alitueleza kwamba mkoromo ule haukai mahali pamoja. Una mzizi kwenye mia, na matawi kwenye mia mbili, mia tatu, mia nne, kwenda juu. Aliukata mzizi, akakata na matawi, moja baada ya jingine. Kila tawi lilipokatwa, kipande cha mama kilianguka nalo, maana sauti yake nzito ilikuwa imekaa humo humo. Mwisho alituchezea kilichobaki. Alikuwa mwanamke fulani anayeimba ndani ya mtungi uliofunikwa, mbali sana. Kwa mbali, nyuki alikuwa bado yupo.

"Mlitumia kapasita gani?" fundi aliuliza.

Fyson alimwambia.

"Kwa mzigo gani?"

Fyson aliichukua kaseti, akaitia mfukoni. Njiani kurudi, tulipopita Limbe, akasema kwamba kopo la Mzee Saizi, lile la elfu kumi, lingeishusha volti kwa moja na nusu tu badala ya tatu. Pengine chipu ingepepesuka mara moja moja. Pengine isingepepesuka. Nikamwambia aliyeongeza mzigo si yeye.

"Lakini mtungi niliuchagua mimi," alisema. "Na nilimcheka mzee."

Kijijini mjomba alikuwa na habari yake, nayo ilikuwa imetutangulia: mkamwini alitengeneza chombo kibovu, kaseti ikaharibika. Vikongwe walishuhudia kwamba pembe ilisikika vizuri kabisa, kwa hiyo kosa halikuwa kwenye pembe. Nani angeeleza? Niliwaendea wazee, nikaanza na misukumo mia kwa sekunde, na sikufika kwenye diodi. Mmoja wao alikuwa amesinzia. Nilimfuata mjomba nyumbani kwake, nikamwambia mbele ya wageni wake kwamba amemzika dada yake kabla ya siku zake. Alinitoza mbuzi. Nililipa, na kwa kweli ningelipa wawili.

Fyson hakufukuzwa. Aliachwa tu awe mdogo. Watu waliendelea kumletea redio, ila walisimama kando wakimtazama anavyofanya, jambo ambalo zamani lingewagharimu matusi. Sasa hasemi kitu. Alijenga kifaa kingine. Alinunua kwa Mzee Saizi makopo matatu ya elfu kumi, akayafunga pamoja ubavu kwa ubavu, na diodi nene za kuyabeba. Tukakiwasha mezani kwake, rekoda na kikuza sauti vikiwa vimeunganishwa pamoja na redio tumeipandisha mpaka mwisho. Hakuna mvumo. Unaweza kupakia shamba zima la chai juu yake, hakuna mvumo. Kimekaa rafuni, na hakuna wa kumwimbia.

Mtoto alizaliwa msimu wa mvua, msichana. Siku ya kumtoa nje, Dorika aliweka rekoda barazani kwa betri ya gari ya kuazima, mama akampakata mjukuu, na sisi wachache tukakaa kusikiliza. Tuliuacha wimbo wa kwanza uanze. Nyuki akaanza pamoja nao. Mtoto alikunja uso, akalia, akalia hasa, mama akimbembeleza kwa pumzi isiyo na sauti. Kisha kaseti ikafika pale pembe ilipong'olewa.

Mvumo ulikatika. Palikuwa na ghasia za mbali, hatua za viatu, halafu sauti ya mwanamume ikatoka safi, kila herufi mahali pake, hata kumeza mate kwake unakusikia. *Wewe mtu wa Ntcheu. Nimekupa ukumbi, nimekupa umeme, nimekupa na mtoto wa dada yangu.* Na mtoto akanyamaza. Akageuza kichwa kuitafuta sauti hiyo nzuri inakotoka.

Fyson aliinuka, akaenda zake nyuma ya ghala.

Nilichukua rekoda, nikasema kwamba sehemu hiyo naifuta leo, sasa hivi, hata nikiweka juu yake kuku wakiwika. Mama alinishika mkono. Alinivuta mpaka sikio langu likawa karibu na kinywa chake, kwa sababu siku hizi ndivyo tunavyosikilizana naye.

"Iache," alinong'ona. "Atakuja kuuliza kwa nini bibi yake hana wimbo. Mwache amsikie mjomba wako mwenyewe."